Kusahihisha faharasa: kwa jicho au kwa kompyuta?

Faharasa hufika mezani kwa msomaji prufu mwisho kabisa, kwa sababu haiwezi kukamilika mpaka kurasa za kitabu ziwe zimepangwa na kupewa namba. Muda unaobaki huwa mdogo, na msomaji prufu hulazimika kuamua mapema atumie njia ipi. Njia ya kwanza ni ya zamani: faharasa huchapwa kwenye karatasi, kitabu hufunguliwa kando yake, na kalamu hupita kidahizo baada ya kidahizo, yaani kila neno lililoorodheshwa kwa zamu yake. Njia ya pili ni kuihamishia faharasa kwenye lahajedwali, vidahizo vikakaa katika safu moja na namba za kurasa katika nyingine, kisha kompyuta ikaachiwa kazi ya kupanga na kutafuta.

Makala haya yanazilinganisha njia hizo mbili katika kazi tatu ambazo faharasa yoyote inazidai: umbo moja la kila istilahi, usahihi wa kurasa, na mpangilio wa alfabeti. Ninazitaja kwa mfuatano huo makusudi. Wengi huanza na alfabeti kwa kuwa makosa yake huonekana haraka, lakini katika Kiswahili ukibadili umbo la kidahizo mara nyingi unakihamisha pia mahali pake, na alfabeti uliyoisahihisha asubuhi huwa imeharibika tena ifikapo jioni. Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni: kitabu cha ufugaji chenye kurasa 236, pamoja na kurasa 12 za utangulizi zilizopewa namba za Kirumi, na faharasa ya vidahizo 400 hivi yenye marejeo ya kurasa yapatayo 1,000.

Umbo moja la istilahi

Katika kazi hii kompyuta husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa, na sababu yake imo katika sarufi. Lugha ambayo wingi wake huonyeshwa mwishoni mwa neno huyaweka maumbo mawili ya nomino moja karibu karibu, kwa hiyo orodha ikipangwa kialfabeti, kosa hujitokeza lenyewe. Kiswahili huweka alama ya umoja na wingi mwanzoni. “Mfugaji, 3, 17” hukaa katika herufi M, na “wafugaji, 22, 90” hukaa katika W, huenda zikiwa zimeachana kwa kurasa tano za faharasa. Msomaji wa kitabu akifungua M ataondoka akiamini kwamba habari za mfugaji ziko katika kurasa mbili tu. Kompyuta haitaona tatizo lolote, kwa sababu kila kidahizo kiko mahali pake sahihi.

Jicho nalo halitaona kwa urahisi, hasa likisoma M asubuhi na W kesho yake. Jicho linaloisoma faharasa yote kwa mkupuo mmoja, bila kuangalia kurasa wala alfabeti, huwa na nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo, njia ninayoipendelea ni ya kuchanganya: katika lahajedwali ongeza safu ya tatu, uandike ndani yake shina la kila kidahizo. Mfugaji, wafugaji na ufugaji vyote vitapata “fug”. Chanjo, kuchanja na uchanjaji vitapata “chanj”. Kisha panga orodha kwa safu hiyo ya shina. Vidahizo ndugu vitajikuta vimesimama pamoja, na hapo ndipo binadamu anapoamua: mfugaji na wafugaji viunganishwe kuwa “mfugaji, 3, 17, 22, 90”, ilhali ufugaji ubaki peke yake kwa kuwa ni dhana nyingine. Kuandika mashina 400 kunachosha, lakini ni kazi ya saa chache, na sijaona njia nyingine inayoyafichua makosa haya kwa uhakika.

Uamuzi wa umoja au wingi unapaswa kufanywa kabla ya kuunganisha. Kanuni rahisi ni kutumia umoja kwa vitu vinavyohesabika, na kuyaacha katika wingi maneno ambayo matini yenyewe huyatumia hivyo karibu kila mara. Kanuni ya pili inayowezekana, yaani kufuata umbo linalotokea mara nyingi zaidi katika matini, huonekana ya haki lakini humwachia msomaji kazi ya kubahatisha, kwa sababu hajui mwandishi alipendelea lipi. Vivyo hivyo kwa vitenzi: ama vyote vianze na shina, kama “chanja” na “kamua”, ama vyote viwe na “ku-”. Ukichagua la pili, herufi K itajaa hadi isitumike vizuri, na nadhani hiyo inatosha kuwa sababu ya kulikataa.

Kuna aina moja ya kosa ambayo hakuna shina litakaloifichua, nayo ni visawe. Ikiwa kitabu kinauita ugonjwa uleule wa kuku “kideri” katika sura moja na “mdondo” katika nyingine, faharasa inaweza kuwa na “kideri, 141, 150–152” na “mdondo, 141, 151”. Orodha hizo mbili za kurasa zinapaswa kulingana kikamilifu, au kimojawapo kibaki na “taz.” tu bila kurasa. Hapa anayehitajika ni mtu anayeijua mada. Kompyuta hufaa baada ya uamuzi: chuja mistari yote yenye “taz.”, kisha hakikisha kwamba kila neno linaloelekezwa lipo kweli kama kidahizo na kwamba lina kurasa. “Mdondo, taz. kideri” haina maana ikiwa mhariri amekwisha kukibadili kidahizo hicho kuwa “ugonjwa wa kideri” na kukihamishia herufi U.

Kurasa: mwelekeo wa usomaji

Katika kurasa, tofauti kubwa haiko kati ya karatasi na skrini, bali kati ya mielekeo mitatu ya kusoma. Mwelekeo wa kwanza ni kutoka faharasa kwenda kitabuni: unasoma “chanjo, 41–44, 112”, unafungua ukurasa wa 41, unahakikisha, unafungua wa 112, unahakikisha. Ukitumia dakika moja kwa kila rejeo, marejeo 1,000 yatakula saa 16 na dakika 40, na muda mwingi kati ya huo utakuwa wa kufunua kurasa. Mwelekeo wa pili ni kutoka kitabuni kwenda faharasa: unasoma ukurasa, unajiuliza ni istilahi zipi zinastahili kuingia, kisha unazitafuta. Huu ndio unaofichua yaliyosahaulika, lakini ni kama kuitengeneza faharasa upya, na mara nyingi muda hauruhusu.

Mwelekeo wa tatu ni kuigeuza faharasa, na hapa lahajedwali hulipa gharama zake zote. Kila rejeo hupewa mstari wake: “chanjo | 41–44” unakuwa mstari mmoja, “chanjo | 112” mwingine, na katika safu ya tatu unaandika namba ya ukurasa wa kwanza pekee. Kisha unapanga orodha kwa safu hiyo ya tatu. Unachopata ni orodha ya kitabu kuanzia ukurasa wa 1 hadi wa 236, ambapo chini ya kila ukurasa yapo maneno ambayo faharasa inadai kwamba yamezungumziwa hapo. Unakisoma kitabu mara moja tu, kwa mfuatano wake, ukiweka alama. Ukurasa wa 112 unaufungua mara moja kwa ajili ya vidahizo vyake vyote vitano, badala ya kuurudia mara tano katika siku mbili.

Kabla ya kubandika namba kwenye lahajedwali, iambie kwanza programu kwamba safu ya pili, yenye marejeo kamili, ni ya maandishi. Usipofanya hivyo, “10-12” iliyoandikwa kwa kistari kifupi inaweza kugeuzwa kuwa tarehe, na hutaambiwa kwamba imebadilishwa. Pia yanyooshe marejeo yaliyofupishwa: “141–4” iwe “141–144” kwa muda wa kazi, hata kama kitabu kitachapwa kwa ufupisho.

Orodha iliyogeuzwa hufichua mambo mawili ambayo mwelekeo wa kwanza huyaficha. La kwanza ni mapengo. Ukikuta kwamba baada ya ukurasa wa 168 kidahizo kinachofuata ni cha ukurasa wa 181, kuna sura au sehemu ya sura ambayo mtengeneza faharasa aliiruka, au ni kurasa za majedwali ambazo kwa uamuzi hazikuingizwa. Vyovyote vile, ni swali la kumwandikia mhariri. La pili ni mteleko wa kurasa, nalo linahitaji kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo kosa linaloharibu faharasa nyingi kwa pamoja.

Tuseme faharasa ilitengenezwa, kisha mpangaji kurasa akaambiwa aongeze jedwali la ukurasa mzima mara baada ya ukurasa wa 96. Jedwali linakuwa ukurasa wa 97, na yaliyokuwa katika ukurasa wa 97 yanahamia wa 98. Anayesoma kwa mfuatano wa alfabeti atakutana na makosa yaliyotapakaa: “kwato, 104” haimo, “lishe, 58” imo, “maziwa, 99” haimo. Yataonekana kama makosa ya ovyo ya mtu mzembe. Anayesoma orodha iliyogeuzwa ataona kila kitu kikiwa sahihi hadi ukurasa wa 96, na kuanzia hapo kila kitu kikipatikana ukurasa mmoja mbele. Chanzo kinajulikana papo hapo.

Kishawishi kinachofuata ni kuongeza 1 kwenye namba zote kuanzia 97 hadi mwisho. Mfano wetu unaonyesha kwa nini hilo ni hatari. Sura iliyopata jedwali ilikuwa inaishia ukurasa wa 121, na ukurasa wa 122 ulikuwa mtupu, kwa kuwa sura za kitabu hiki huanzia kwenye kurasa za kulia ambazo huwa na namba witiri. Baada ya jedwali kuingia, sura inaishia ukurasa wa 122, ukurasa mtupu unatoweka, na sura inayofuata inaanza palepale ilipokuwa, ukurasa wa 123. Mteleko umemezwa. Namba zinazopaswa kubadilika ni 97 hadi 121 tu. Aliyeongeza 1 hadi mwisho ameharibu kurasa 114 zilizokuwa sahihi. Kwa hiyo, ukigundua mteleko, kagua rejeo moja au mawili mwanzoni mwa kila sura inayofuata kabla ya kubadili chochote. Angalia pia misururu inayovuka mpaka: “95–98” inakuwa “95–99”, lakini ikiwa jedwali la ukurasa wa 97 halihusiani na mada hiyo, huenda “95–96, 98–99” ikawa kweli zaidi.

Je, kutafuta neno ndani ya faili la PDF hakuwezi kuchukua nafasi ya kazi hii yote? Kunaweza kuchukua sehemu yake. Kwanza, kumbuka tofauti ya hesabu: kitabu chenye kurasa 12 za utangulizi huonyesha ukurasa wa 1 kama wa 13 katika faili, isipokuwa aliyeliandaa faili ameweka namba zinazolingana. Pili, tafuta shina badala ya neno zima, maana “chanjo” haitakupa “wamechanjwa”, ilhali “chanj” itakupa vyote viwili. Tatu, neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari linaweza lisipatikane kabisa. Lakini mpaka halisi wa njia hii ni kwamba inathibitisha kuwapo kwa neno, wala si kuwapo kwa habari. Ukurasa unaweza kueleza namna ya kukinga ndama dhidi ya kimeta kwa aya tatu bila kulitaja neno “chanjo”, na mwingine ukalitaja katika orodha ya vitu vya kununua tu. Wa kwanza unastahili rejeo, wa pili haustahili. Ninatumia utafutaji wa PDF kwa majina ya watu na mahali, ambayo huandikwa kwa namna moja, lakini dhana nazisoma kwa macho.

Alfabeti: kazi ya kompyuta, baada ya kuielekeza

Hapa kompyuta inashinda bila ubishi, kwa sharti kwamba umekwisha kuamua kanuni. Uamuzi wa kwanza ni kama nafasi kati ya maneno inahesabiwa. Mpangilio wa neno kwa neno huitazama nafasi kama kitu kinachotangulia herufi zote. Mpangilio wa herufi kwa herufi huipuuza. Tofauti inaonekana hapa:

| Neno kwa neno | Herufi kwa herufi |
|---|---|
| majani | majani |
| maji | maji |
| maji safi | majira |
| maji ya kunywa | maji safi |
| majira | majivu |
| majivu | maji ya kunywa |

Kwa faharasa ya Kiswahili napendekeza wa kwanza, kwa sababu istilahi zetu nyingi hujengwa kwa maneno mawili au matatu yenye viunganishi vya “-a”, na mpangilio wa herufi kwa herufi huzitawanya familia ambazo msomaji angependa kuziona pamoja. Lakini ukiletewa faharasa iliyokwisha kupangwa kwa kanuni ya pili bila kosa, iache. Makosa ya kweli ni mchanganyiko, yaani “majira” kutangulia “maji safi” katika ukurasa mmoja, na kanuni nyingine kutumika katika unaofuata.

Uamuzi wa pili unahusu ritifaa katika ng'. Ama unaipuuza, na ng'ombe inakaa kati ya ngamia na ngozi, ama unaifanya ng' kuwa kundi lake baada ya maneno yote ya ng. Zote mbili ni halali. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ritifaa ina sura mbili katika kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, ambazo kwa jicho hazitofautiani sana katika herufi ndogo za faharasa. Programu inayopanga kwa kufuata namba za alama huiweka ritifaa iliyonyooka kabla ya herufi zote na iliyopinda baada ya zote. Ndipo unapoona “ng'ombe wa maziwa” mbele ya “ngamia”, na “ng’ombe wa nyama” nyuma ya “nguruwe”, na msomaji akadhani kimojawapo hakimo. Dawa ni kubadili ritifaa zote ziwe za aina moja kabla ya kupanga. Lahajedwali la Excel, kwa upande wake, hupuuza ritifaa ya kawaida na kistari inapopanga, kwa hiyo linakubaliana na kanuni ya kwanza lakini haliwezi kukupa ya pili bila kusaidiwa.

Anayetumia Linux au macOS, yenye amri ya `sort`, anaweza kukagua bila kupanga upya. Hifadhi vidahizo vikuu pekee, bila kurasa, kila kimoja katika mstari wake, kisha:

```
LC_ALL=C sort -c -d -f vidahizo.txt
```

Amri hii hukagua mpangilio wa neno kwa neno, ikipuuza ritifaa, vistari na tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Kama kila kitu ni sawa, haisemi chochote; kama kuna kosa, inataja namba ya mstari wa kwanza uliokosea na kuishia hapo, kwa hiyo unasahihisha na kuirudia. Ukiiondoa `-d`, ritifaa zilizochanganyika zitafichuka kwa namna niliyoieleza hapo juu.

Kinachobaki kwa jicho ni vidahizo vidogo. Chini ya “magonjwa” panaweza kuwa na “ya kuku”, “katika mbuzi” na “ya ng'ombe”, na desturi nzuri ni kuvipanga kwa neno lenye uzito, yaani kuku, mbuzi, ng'ombe. Kompyuta itaitanguliza “katika”. Usiiruhusu ipange sehemu hizi. Zisome mwenyewe, kwani kwa kawaida ni fupi.

Kama kilicho mbele yako ni sherehe

Sherehe, yaani orodha ya istilahi na maana zake, haina kurasa za kukagua, kwa hiyo uzito unahamia kwenye umbo. Kila kidahizo kinapaswa kuandikwa kama kilivyo katika matini mahali kilipotiwa herufi nzito kwa mara ya kwanza, na ikiwa maana ya istilahi moja inatumia istilahi nyingine iliyo katika sherehe hiyohiyo, tahajia zilingane. Kwa sherehe ya vidahizo 60 au 80 sioni faida ya lahajedwali. Karatasi na kalamu vitamaliza mapema.

Muda ukiwa siku moja

Ukipewa siku moja kwa faharasa kama ya mfano wetu, usijaribu kukagua marejeo yote. Tumia saa tatu kwa safu ya mashina na kuunganisha vidahizo, kisha igeuze faharasa na ukague marejeo matatu ya kila sura: moja mwanzoni, moja katikati na moja mwishoni. Sura yenye kosa hata moja kati ya matatu hayo ikaguliwe yote. Alfabeti iachie kompyuta saa ya mwisho. Mpangaji kurasa akirudisha prufu iliyosahihishwa, soma mistari mitatu juu na mitatu chini ya kila badiliko, kwa kuwa kidahizo kilichohamishwa kutoka W kwenda M mara nyingi hubandikwa mahali papya bila kufutwa pale pa zamani.